Msiwabatize Wanyama Wetu kwa Herufi za Mwanzo

Washairi wenzangu, naanza kwa kukiri kosa, kwa sababu sitaki kuwalaumu wahariri na waandishi kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nimechangia kulisambaza. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, kisha nikamalizia utumishi wangu nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Kila mwaka, tulipofika mada ya kuandaa vitabu vya hadithi kwa madarasa ya awali, niliandika ubaoni kwamba jina zuri la mhusika mnyama huanza kwa herufi ileile inayoanza jina la mnyama mwenyewe. Nikatoa mifano: Tito Twiga, Sofia Sungura, Petro Punda. Wanachuo wakanakili, wakaenda nayo vijijini, na wengine wao leo ni waandishi. Sasa nikipita katika maduka ya vitabu naikuta kanuni yangu imechapishwa kwa rangi nne juu ya majalada.

Kanuni hiyo si yetu. Ni tabia ya lugha za watu wengine ambao maneno yao mengi hubeba mkazo mwanzoni, na ambao ushairi wao wa kale ulifungwa kwa sauti za mwanzo wa maneno. Kwao herufi ya kwanza inagonga kama ngoma. Kwetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hauhami hapo ila katika maneno machache ya kuazima. Kwa hiyo mtu anaposema “Sofia Sungura”, sikio la mtoto husikia *fi* na *ngu*. Zile *s* mbili zinapita chini chini kama wageni waliochelewa harusini. Anayeziona ni mhariri, kwa kuwa yeye anatazama karatasi. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeketi nyuma haoni karatasi; anasikia mdomo wa mwalimu.

Mtaniuliza: mbona “Tito Twiga” linapendeza? Ni kweli, linapendeza, na ndilo lililotudanganya. Neno la silabi mbili huwa na silabi ya pili kutoka mwisho ambayo papo hapo ni ya kwanza, hivyo *ti* na *twi* zote mbili zimebeba mkazo, na herufi ya mwanzo inasikika kwa bahati. Tukachukua bahati ya maneno mafupi tukaifanya sheria ya maneno yote.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Sikilizeni sentensi ya kawaida kabisa: “Watoto wetu wawili wadogo wamewahi.” Maneno matano, *wa* au *we* tano za mwanzo, na hakuna aliyewahi kuisikia akasema ni shairi. Upatanisho wetu wa kisarufi hurudia sauti za mwanzo kutwa kucha, sokoni na msibani, bila malipo. Sikio la Mswahili limezoea marudio ya mwanzo kama mkaazi wa ufukweni alivyozoea mawimbi, hayamwamshi. Ndiyo maana wazee wetu walipotaka starehe ya sauti hawakuitafuta mwanzoni mwa neno. Waliiweka mwishoni, wakaiita kina. Na walipotaka mwendo hawakuhesabu herufi, walihesabu mizani. Sisi tunaojua hayo kwa moyo tukikaa kutunga tarbia, tunayasahau mara tu tunapoandika kitabu cha watoto, kana kwamba mtoto ana sikio la kabila jingine.

Marudio ya mwanzo yana madhara mengine ya kisarufi ambayo niliyaona kwa macho yangu. Mwanachuo mmoja aliniletea mswada uitwao “Kifaru Kikali”. Nilipomsahihisha kwamba mnyama, hata jina lake likianza na *ki*, huingia katika upatanisho wa A-WA, kwa hiyo ni kifaru mkali, akanijibu kwa adabu: “Lakini Mwalimu, wewe ulisema vianze sawa.” Sikuwa na jibu. Ile *ki* ingekubalika kama alikuwa anamdunisha mnyama, kama tunavyosema kijibwa kidogo, lakini kifaru wake alikuwa wa tani nzima na picha ilionyesha hivyo.

Basi niwape kisa chenyewe kilichonifanya nishike kalamu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mwalimu wa darasa la kwanza huko milima ya Usambara, aliandika hadithi ya kitabu cha picha cha kurasa 24. Hadithi ni rahisi na nzuri. Usiku msituni kuna sauti ya kutisha inayotoka juu ya miti: inaanza kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, inapanda, inakuwa mayowe. Wanyama wakubwa wanajificha. Kila mmoja anakisia ni nani. Asubuhi wanamkuta perere, mnyama wa ukubwa wa sungura, hana mkia wa kuonekana, anaishi kwenye mapango ya miti na kula majani, na ukimwona mchana huwezi kuamini kuwa kifua kile kidogo ndicho kilichowanyima watu usingizi. Watoto wa milimani wanamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Na wataalamu wa wanyama wanatuambia kwamba yeye na ndugu yake pimbi wa mawe ni katika jamaa wa karibu wa tembo waliobaki, jambo ambalo mwandishi alilitumia vizuri: ukurasa wa mwisho tembo anamwita perere “binamu”.

Mwanzoni alitaka mhusika awe pimbi. Nilimzuia, na hapo nadhani sikukosea. Pimbi ni tusi la mtaani kwa mtu mfupi au asiye na maana. Jina la mhusika wa kitabu halibaki kitabuni. Likisomwa saa nne, saa nne na nusu wakati wa mapumziko limekwisha kupewa mtoto fulani uwanjani. Darasani kwake kulikuwa na mvulana mdogo wa umbo kuliko wenzake wote, na mwalimu mwenyewe alipomkumbuka alilifuta neno hilo kabla sijamaliza kueleza. Yeyote anayetaka kumpa mnyama jina kwanza alipeleke mitaani, alisikilize linatumiwaje huko, maana kamusi haitamwambia yote.

Akabakia na perere. Kisha akafuata kanuni yangu. Mswada ulipopelekwa kwa mchapishaji uliitwa “Petro Perere na Usiku wa Maajabu Msituni”, na mhariri akalisifu jina hilo.

Tulihesabu pamoja, mimi na yeye, kwa vidole. Kichwa hicho kina mizani 18. Malenga akipewa mshororo wenye mizani 16 anaugawa kwa kituo katikati, nane na nane, kwa sababu pumzi na kumbukumbu ya msikilizaji zinadai hivyo. Mtoto wa miaka saba tumempa mizani 18 bila kituo popote. Matokeo yake yalionekana kesho yake tu. Mwalimu aliwauliza watoto wanataka wasomewe kitabu gani, wakasema “kile cha perere”. Hakuna hata mmoja aliyetaja Petro, wala maajabu. Watoto walikuwa wamekwisha kukihariri kitabu kwa usahihi kuliko mhariri.

Tukahesabu na jina. “Petro Perere” lilitajwa mara 41 katika maandishi. Ni mizani tano kila mara, zaidi ya mizani 200 za jina peke yake katika kitabu ambacho kurasa zake nyingi zina sentensi mbili tu. Na katika hizo, silabi moja ni *tro*. Mtoto anayejifunza kusoma kwetu huanza na *pa pe pi po pu*, konsonanti moja na irabu moja, na mikusanyiko ya namna ya *tro* humfikia baadaye sana. Wengi walisoma “Peto”, wengine “Petero”. Mwandishi aliweka kikwazo kwenye neno linalorudiwa kuliko maneno yote, tena neno ambalo hadithi haikulihitaji.

Maana Petro wa nini? Hapa ndipo ninapogombana hasa na wahariri. Wananiambia mnyama lazima awe na jina la mtu ili mtoto amwone kuwa ni mwenzake. Hiyo ni haja ya lugha zinazobeba vibainishi mbele ya nomino. Huko mnyama akiitwa kwa jina la jinsi yake tu anabaki kuwa mnyama fulani, au mnyama yule. Lazima apewe jina la pili ndipo awe mtu. Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo. Sema “Fisi akacheka”, na papo hapo Fisi ni mtu mwenye jina, mwenye hila, pengine na madeni. Herufi kubwa inatosha kwenye karatasi, na katika sauti hata hiyo haihitajiki. Bibi zetu walisimulia Sungura, Fisi na Kobe vizazi na vizazi, na hakuna mjukuu aliyeuliza Sungura huyo anaitwa nani. Jina la pili linahitajika pale tu hadithi ina wanyama wawili wa aina moja ambao lazima tuwatofautishe. Katika hadithi ya mwanafunzi wangu perere alikuwa mmoja.

Basi Petro akafutwa. Na mimi, kwa kiburi cha uzee, nikapendekeza jina langu: “Perere Kelele”.

Tazameni nilivyojivunia. Mizani tatu na tatu. Mkazo mahali pamoja katika maneno yote mawili, *re* na *le*. Irabu ni *e* tupu, sita mfululizo. Vina vinakaribiana lakini havifanani kabisa, na ule mteremko wa *r* kwenda *l* unaufanya uwe kitanza ndimi kidogo, jambo ambalo watoto hupenda. Pia sikuwa nimemwekea mhusika hukumu ya maadili shingoni. Hilo ni jambo jingine linaloniudhi: majina ya majazi katika vitabu vya wadogo. Shaaban Robert aliandika Adili na nduguze, Hasidi na Mwivu, na msomaji mtu mzima anajua kwamba anaingia katika istiara, anayapokea majina kama mtu anavyopokea barakoa jukwaani. Lakini ukimwita kima wa kitabu cha kurasa 16 “Kima Mtiifu”, mtoto amekwisha kuujua mwisho kabla hujafungua, na anaanza kutazama dirishani. Kelele si sifa mbaya wala njema, ni sauti tu. Nikasema hapa tumefika.

Nikapanda mlima kwenda kusikiliza mwenyewe. Darasa lilikuwa na watoto 68. Mwalimu akainua kurasa zilizochapwa, akavuta pumzi, akasoma kichwa kwa furaha: “Perere… Kelele!”

Darasa zima likanyamaza kimya. Watoto wakakunja mikono juu ya madawati.

Ilinichukua muda kuelewa. Neno “Kelele!” likitoka kinywani mwa mwalimu darasani lina maana moja tu, nayo ni nyamazeni. Walimu walikuwa wamelisema neno hilo mara nyingi mno kwa watoto hawa, na mimi, niliyelisema kwa miaka zaidi ya 30, sikulifikiria. Kwa mizani na vina lilikuwa jina bora kuliko yote tuliyokuwa nayo, na halikuwa na nafasi kabisa mahali lilipokusudiwa kusomwa. Zaidi ya hayo, watoto ambao lugha ya nyumbani haitofautishi sana *r* na *l* walisema “pelele kelele” au “perere kerere”, na ule mchezo niliouona mimi kwao haukuwa mchezo, baadhi walichekwa. Kwa bahati, huyo mnyama wengine humwita pelele, kwa hiyo mtoto akisema hivyo hakosei. Lakini kanuni niliyoipata hapo naishika: kitanza ndimi kinafaa kiwe kwenye ukurasa mmoja, mtu akishindwa acheke na kupita. Kisiwe kwenye jina linalorudi mara 40.

Tulikaa chini ya mti nje ya ofisi ya walimu tukaanza upya, na safari hii tulianza na kile kilichokuwa kimefanya kazi. Jina lenyewe, Perere, peke yake, lilikuwa limewashika tangu siku ya kwanza. Kwa nini?

Kwanza ni urefu. Mizani tatu na mkazo katikati ni umbo ambalo mtoto wa Kiswahili analijua kabla ya kujua kusoma. Fanani akianza kwa “Paukwa!” na hadhira ikajibu “Pakawa!”, kila upande umetoa mizani tatu, mkazo katikati, irabu ya mwisho ileile. Mtoto hahitaji kujua maana ya paukwa. Anajua umbo lake, na anajua kwamba akisikia umbo hilo ni zamu yake. Perere ameumbwa vivyo hivyo. Wahariri wanaosema mtoto wa Dar es Salaam hamjui perere ni nani, nawajibu kwamba hata paukwa hamjui ni nani. Picha itamwonyesha perere. Paukwa haijawahi kuwa na picha.

Pili ni mwisho wa jina, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu sijaona mtu akilitaja. Hadithi zetu huendeshwa na *aka*: akasema, akaruka, akakimbia. Jina la mhusika karibu kila mara hutangulia kitenzi cha namna hiyo. Sasa someni kwa sauti na kwa kasi ya kawaida: “Chura akaruka.” Mmesikia? *Churakaruka.* Irabu *a* ya mwisho wa jina imemezwa na *a* ya kitenzi, na mtoto anayefuata kwa kidole kwenye ukurasa anapotea, kwani macho yanaona maneno mawili na masikio yanasikia moja. Someni sasa: “Kobe akaruka.” Mpaka umesimama wima. Majina yanayoishia *e*, *o* au *u* yanajitenga yenyewe na kitenzi. Yanayoishia *a* yanamdai msomaji asimamishe pumzi kila mara. Najua mtaniambia Sungura naye anaishia *a* na ametawala hadithi zetu zote. Ni kweli, na msimuliaji hodari humtenga kwa kiimbo, hata anaweza kuivuta ile *ra* mpaka watu wacheke. Lakini kitabu cha picha husomwa na mwalimu aliyechoka mwisho wa siku, na mzazi anayesoma kwa kusitasita. Mtu anayechagua jina jipya, akiwa na hiari, kwa nini amwekee msomaji huyo mzigo? “Perere akalia.” Hata msomaji dhaifu hawezi kuliharibu.

Tatu ni kule kuitwa. Watoto humwita mhusika. Wanavuta silabi ya mwisho kama wanavyomwita mwenzao ng’ambo ya bonde. Perereee inavutika, mdomo uko wazi. Jina linaloishia *i* au *u* linavutika pia lakini linakuwa jembamba, na katika darasa la watoto 68 linapotea haraka.

Jina tulikuwa nalo. Kilichobaki kilikuwa kichwa cha kitabu, na hapo ndipo tulipoona kosa la “Petro Perere” lililokuwa kubwa kuliko yote, ambalo sote watatu, mwandishi, mhariri na mimi, hatukuliona tukiwa tumeshughulika na herufi. Hadithi ni ya fumbo. Wanyama wanauliza ni nani anayelia. Na jalada limekwisha kutaja jina la anayelia! Tumemfumbua mfumbiwa kabla ya kumfumba.

Mwanafunzi wangu ndiye aliyelisema jina, si mimi. Alikuwa anajisomea ukurasa wa nne, mahali ambapo nungunungu anainua kichwa na kuuliza, akasita, akasema, “Mwalimu, hesabu hii.” Swali la nungunungu lilikuwa: Nani analia juu?

Na-ni a-na-li-a ju-u. Nane.

Nikamwambia, basi jibu nalo liwe nane. Hatukukaa dakika tano. Ni Perere, ni Perere! Ni-pe-re-re, ni-pe-re-re. Swali ni ukwapi, jibu ni utao, na mkazo wa mizani ya saba unaangukia mahali pamoja pande zote mbili, *ju* na *re*. Katikati ya kitabu, pale wanyama wanapokisia vibaya, tukaweka makisio kwa kipimo hichohicho: Je, ni Chui? Je, ni Fisi? Nane tena. Mtoto anayesikiliza mara ya kwanza anakisia pamoja na wanyama. Mara ya pili, na kitabu cha picha kikipendwa husomwa mara nyingi mno, anajua jibu, na anasubiri zamu yake ya kulipiga kelele. Kichwa ni paukwa, jina ni pakawa.

Tulilijaribu siku ileile kwa njia ambayo nawashauri nyote muitumie kabla ya kupeleka mswada popote. Mwalimu alificha picha. Alisoma kurasa tatu za kwanza kwa sauti, bila kuigiza, kwa mwendo wa mtu asiyekijua kitabu. Baada ya kurudia mara ya pili, alisoma swali akanyamaza, akatazama nje. Jina likiwa zima, watoto watalijaza pengo wenyewe. Likiwa bovu, watakutazama wakidhani umesahau. Kwa “Petro Perere” walikuwa wamemtazama. Safari hii wa mbele walijibu, kisha wa katikati, na mara ya tatu hata wale wa nyuma kabisa ambao hawajawahi kuona ukurasa kwa karibu. Kesho yake aliwauliza tena wanataka kitabu gani. Hawakusema “kile cha perere”. Waliuliza wote kwa pamoja swali lenyewe.

Sasa mgogoro. Mhariri amejibu. Amekubali Petro aondoke, na namshukuru. Lakini ameona kichwa ni “kifupi na hakijakamilika kisarufi”, akapendekeza “Ni Nani Anayelia Juu ya Mti?”. Hesabuni wenyewe: 13. Anasema *anayelia* ndiyo sanifu zaidi. Namjibu hadharani, kwa heshima, kwamba “nani analia” ni Kiswahili safi, husemwa na kila mtu kuanzia Lamu hadi Kilwa, na kwamba *ye* moja tu ikiongezwa kwenye kichwa chetu inakuwa tisa, swali linalemaa, na jibu la nane halina tena mwenziwe. Kuhusu “ya mti”, jalada lina mti mkubwa wa kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Maneno hayana sababu ya kurudia kazi ya mchoraji.

Ametoa pia hoja ya soko: kwamba mnunuzi anayetafuta kitabu cha wanyama anataka kuona jina la mnyama juu ya jalada. Hoja hiyo siidharau, kwa sababu kitabu kisichouzwa hakisomwi. Nimempendekezea aliweke jina la perere nyuma ya kitabu, katika maelezo mafupi ya hadithi, pale mzazi anaposoma akiwa dukani. Mbele abaki na swali.

Jambo moja ameliona yeye, nasi hatukuliona, na ni haki nilitaje. Mchoraji alikuwa amemchora perere mzima mzima juu ya jalada, ameketi tawini, mdomo wazi. Kwa kichwa kipya mchoro huo unatoa jibu kabla ya swali. Kwa hiyo jalada linachorwa upya: usiku, mti, tundu jeusi kwenye shina, na ndani yake macho mawili. Mswada umerudi mezani kwake tangu wiki iliyopita, ukiwa na mizani nane juu yake, na mwanafunzi wangu ameambatisha karatasi moja inayomwomba mhariri asiamue kabla hajakisoma kichwa mara tatu, kwa sauti, mbele ya mtoto yeyote.